Mito ya Chini ya Wingu

Kama uliwahi kuingia ofisi ya ramani za maji, ukapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, ukapita mlango wa makarani na mlango wa chumba cha chai, basi ulimwona Mama Wino, hata kama hukujua kuwa umemwona. Ni yule mama mfupi aliyeinamia meza ya kioo yenye taa chini yake, miwani puani, miwani nyingine kichwani, na kidole cha shahada chenye rangi ya buluu isiyotoka kwa sabuni wala kwa maombi. Wageni walimdhania mhudumu. Wengine walimwuliza choo kiko wapi. Aliwaelekeza kwa ncha ya kalamu bila kuinua uso, na hakuna hata mmoja aliyepotea.

Kazi yake ilikuwa kuchora mito, basi. Barabara zilikuwa na mtu wake, mipaka ilikuwa na mtu wake, na Mama Wino hakuwaonea wivu. Ndege ilipita juu ya nchi ikipiga picha, picha zikaja zimejazwa kwenye maboksi, naye akatandaza karatasi angavu juu yake na kufuata kila mto na kila kijito kwa wino wa buluu. Miaka ishirini na minane alifanya hivyo. Mumewe, fundi saa, alikuwa akisema ukiiunga mito yote aliyoichora mkewe utaifunga dunia kama mzigo wa kuni. Fundi saa alipenda kutia chumvi, lakini hapo hakukosea sana.

Sasa mtu akifuata mito miaka yote hiyo, anaijua tabia. Ni kama mama anavyojua ni mtoto gani anayepanda ngazi kwa kusikia miguu tu. Mama Wino hakusomea mambo ya mawe, chuo alikiona kwa nje, lakini alikuwa na majina yake mwenyewe. Kulikuwa na mito ya mti: kijito kinaungana na kijito, viwili vinazaa tawi, matawi yanazaa shina, na kila maungano ni pembe kali inayoelekea kule maji yaendako. Hiyo alijua ni nchi ya mwamba wa aina moja, itale tupu au udongo mmoja kote, ambako maji hayana sababu ya kupendelea upande huu kuliko ule, yanafuata mteremko tu. Kulikuwa na mito ya chanja, iliyonyooka sambamba kama fito ndefu za chanja la kutambazia mapesheni, na vijito vifupi vinaingia kutoka kando kwa pembe mraba. Hapo mwamba laini na mwamba mgumu vimepangwa kwa zamu, tabaka kwa tabaka, vikainamishwa. Mto mkubwa unachimba penye ulaini, na mwamba mgumu unabaki umesimama kuwa safu ya vilima.

Halafu kulikuwa na mito ya spoku. Hiyo ndiyo iliyompa jina. Alikuwa bado mgeni kazini, hana hata mwaka, alipochora karatasi moja ambayo mistari ya miinuko haijatiwa, akaona mito yote inakimbia kutoka mahali pamoja, mmoja kaskazini, mmoja kusini, mingine pembeni pembeni, kama spoku za gurudumu zinavyotoka katikati. Akamwendea mpimaji mkuu wa wakati ule, mzee mkali wa suruali zenye mkunjo, akamwambia, "Mzee, hapa katikati pana mlima. Mkubwa, wa mviringo, tena peke yake."

"Umewahi kufika huko, binti?"

"Sijafika, mzee. Lakini maji hayawezi kukimbia pande zote kama hakuna kilichoyasukuma."

Mpimaji mkuu akacheka mpaka akakohoa. Wiki mbili baadaye vipimo vikaja: mlima wa volkano, mviringo kama chungu kilichofudikizwa, papo hapo. Tangu siku ile akawa Mama Wino, ingawa mtoto wake wa kwanza alikuwa bado hajazaliwa.

Mtoto huyo alizaliwa baadaye, akakua, akawa mkunga. Na kama ilivyo kwa kazi za wakunga, wakampeleka mbali, kwenye zahanati ndogo bondeni, safari ya nusu siku kutoka mjini. Zahanati ilikuwa nzuri, imepakwa rangi, ina vitanda sita na mizani ya watoto. Kitu kimoja tu haikuwa nacho: maji. Ndoo zilitoka mtoni wakati mto una maji, na wakati mto hauna, zilitoka kwa kuomba. Binti aliandika barua kila mwezi, na kila barua ilikuwa na sentensi ile ile: "Mama, idara yenu itatuchimbia lini?"

Idara ilikuwa imeshachimba, tena mara mbili. Kisima cha kwanza, mita themanini, kikavu. Cha pili, mwaka mmoja baadaye, mita themanini tena, vumbi. Kimebaki cha tatu, na ratiba ilisema wazi: mtambo wa kuchimba unaondoka wilaya ile Ijumaa, na hautarudi mpaka miaka miwili ipite. Zahanati isiyo na maji miaka miwili zaidi, wakubwa walishasema, itafungwa wodi ya uzazi. Basi hapo ndipo mambo yalipokuwa, Jumatatu asubuhi, Mama Wino akinywa chai.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Daktari wa Mawe. Jina hilo walimpa makarani, kwa sababu alikuwa kijana mwenye digrii ya mawe, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, na alikuwa na desturi ya kugonga kila kitu kwa kidole kama anayepima homa.

"Shikamoo, Mama Wino."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso kama umelala kwenye kiti?"

"Sijalala kabisa. Nataka unikuzie hii karatasi mara nne, kipande hiki cha zahanati. Alhamisi tunachimba cha mwisho." Akaitandaza mezani, akagonga. "Tazama mito ilivyo. Mti mtupu! Matawi kila upande. Maana yake ni mwamba mmoja, itale, kama karatasi ya jirani. Kwenye itale unachimba pale vijito vingi vinapokutana, kwa sababu hapo ndipo mwamba umeoza kwenda chini na maji yamejikusanya. Nimechimba maungano ya kwanza, nimechimba ya pili. Naenda ya tatu, haya hapa."

Mama Wino akashusha miwani ya kichwani, akaweka juu ya ile ya puani. Mito ilikuwa mizuri kweli. Ilipinda kwa adabu, ilikutana kwa adabu. Kisha akaangalia pembeni chini, penye herufi ndogo za mchoraji, akaona herufi zake mwenyewe na mwaka. Akasogeza kikombe cha chai kando.

"Huko ulikochimba," akauliza taratibu, "uliviona hivyo vijito?"

"Niliuona mto mmoja. Vile vingine nilidhani vimelimwa, si unajua wakulima. Na Chuma ameandika kwenye daftari lake udongo mgumu wa kijivu mwanzo mwisho, nikajua mwamba umeoza vizuri. Bahati tu haijakubali."

Chuma alikuwa mwendesha mtambo. Mama Wino akasema atakuza karatasi, aje kesho. Daktari wa Mawe akagonga meza kwa shukrani, akaenda zake, akimwacha mama wa watu na moyo unaodunda kama mashine ya kusaga.

Salaale! Kwa sababu alikumbuka. Alikumbuka mpaka harufu ya chumba cha siku ile. Miaka ishirini na sita nyuma, picha ya bonde lile ilikuwa na wingu. Wingu kubwa, jeupe, limekaa juu ya bonde kama kuku juu ya mayai, na chini yake huoni kitu. Sheria ya kazi ilikuwa fupi na kila mchoraji aliijua kama jina lake: penye wingu, acha peupe, andika "wingu". Lakini mtambo wa kuchapa ulikuwa unasubiri, bosi wa wakati huo alikuwa hataki weupe kwenye ramani zake, na Mama Wino alikuwa kijana mwenye mkono mwepesi na majivuno. Karatasi ya jirani ilikuwa mito ya mti. Akasema, ah, kwani huku patakuwa na tofauti gani? Akaendeleza matawi. Akayapinda vizuri, akayakutanisha vizuri, akajaza bonde zima mito aliyoitoa kichwani. Bosi akaisifu mbele ya watu. Akafurahi, na akasahau, maana sifa ni tamu na kazi ilikuwa nyingi.

Na sasa mwanawe mwenyewe alikuwa akizalisha wanawake kwa maji ya kuomba, juu ya mito isiyokuwepo. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga, na Mama Wino aliuhisi ule msemo ukimshuka kooni kama dawa ya minyoo.

Jioni alimweleza mumewe. Fundi saa alikuwa mezani kwake na kioo chake cha jicho moja, akifukua saa ya mwalimu.

"Imebaki miezi minne nistaafu," akasema Mama Wino. "Wameshachapa hati ya pongezi, karani kanionyesha. 'Kazi isiyo na dosari.' Nikisema, itakuwaje? Watanicheka mpaka makarani wa mwaka huu."

"Watakucheka."

"Hata hunifariji!"

"Nikufariji nini, mke wangu? Saa ikienda vibaya haitengenezwi kwa kuifunika kitambaa." Akatoa kioo jichoni, akamtazama. "Mtoto wetu yuko kule. Ukinyamaza, Alhamisi watachimba shimo la tatu kwenye mto wako wa uongo. Wewe utakula hati hiyo?"

Mama Wino akalia kidogo, akapenga kamasi, akala ugali wote. Aibu ilikuwa imemjaa, lakini njaa nayo ina haki zake.

Jumanne saa mbili kamili alikuwa mlangoni kwa Mkuu. Mkuu wa idara alikuwa mtu mwema mwenye woga, aliyependa mambo yaliyonyooka na aliyechukia sana kuitwa na walio juu yake. Daktari wa Mawe alikuwemo, anasubiri ramani.

"Sijaikuza," akasema Mama Wino. "Hiyo mito niliitunga. Palikuwa na wingu, nikachora nilichodhani. Hakuna mti wowote kule, au kama upo siujui. Mashimo mawili mmeyachimba kwenye kichwa changu."

Daktari wa Mawe alitaka kugonga kitu, akakosa cha kugonga. Kisha uso wake ukaanza kuwiva.

"Mama Wino! Nimesemwa mwaka mzima! Nimeandikiwa barua! Nimeanza kudhani digrii nilipewa kwa makosa!"

"Nisamehe, mwanangu. Kosa ni langu, si lako. Nitaandika hivyo na kutia sahihi."

"Hapana, hapana," akaingilia Mkuu, mikono juu kama anayezuia ng'ombe. "Ngojeni kwanza. Karatasi hii imechapwa, imegawiwa mashuleni, imetundikwa ukutani kwa watu. Tunaweza kurekebisha kimya kimya. Kuandika ni kujitafutia."

"Mkuu," akasema Mama Wino, na sauti yake ikashangaza hata mwenyewe, "nimekaa kimya miaka ishirini na sita na kazi yake mmeiona. Niandikie ruhusa ya kabati la picha za barabara."

Hilo ndilo lililomfanya Daktari wa Mawe aache kukasirika. "Picha gani?"

Miaka mitatu nyuma, ndege nyingine ilipita juu ya bonde lile kwa ajili ya watu wa barabara, wakati wa kiangazi, anga safi kama sahani iliyooshwa. Picha zile hazikuwa za idara ya maji kwa hiyo hakuna aliyezigusa. Zilikaa kabatini zikisubiri barabara ambayo haikujengwa. Mama Wino alijua zilipo kwa sababu ndiye aliyezipanga.

Wakazitandaza mezani mbili mbili. Mama Wino akasimamisha juu yake ile miwani ya miguu minne ya kutazamia picha, ambayo jicho la kushoto linaona picha moja na la kulia nyingine, na ghafla milima inainuka kutoka kwenye karatasi kana kwamba unataka kuishika. Akachukua kalamu. Safari hii aliandika tarehe kwanza, kisha akafuata alichokiona, na kila asipoona aliinua mkono, akaacha peupe.

Saa tano zikapita. Ilipofika ya sita akasema, "Haya, njoo utazame. Na usigonge."

Daktari wa Mawe akainama. Hakukuwa na mti. Palikuwa na mto mmoja mrefu umenyooka bondeni, na ng'ambo ya safu ya vilima palikuwa na mwingine, umenyooka sambamba nao, na ng'ambo ya safu nyingine wa tatu. Vijito viliingia kutoka ubavuni, vimesimama wima kwa mto mkubwa, kila kimoja pembe mraba. Mahali pamoja mto ulikata safu ya vilima moja kwa moja kwenye upenyo mwembamba, ukaingia bonde la pili, ukapinda tena na kunyooka.

"Chanja," akasema Mama Wino.

"Chanja tupu," akasema Daktari wa Mawe, na akakaa chini. "Basi si itale. Si itale hata kidogo! Ni matabaka: mwamba wa mchanga kwenye vilima, mwamba wa tope bondeni. Ule udongo mgumu wa kijivu wa Chuma haukuwa itale iliyooza. Ulikuwa mwamba wa tope! Mama, mwamba wa tope haupitishi maji. Ningechimba bondeni mpaka ng'ambo ya dunia."

"Kwa hiyo hakuna maji?"

"Yapo, lakini kwenye mwamba wa mchanga, wenye nyufa. Vilima ndivyo vinavyoyanywa wakati wa mvua." Akauma kidole. "Shida ni kujua mwamba wa mchanga umelalia upande gani. Umeinama, hiyo ni hakika. Lakini unashuka kwenda mashariki au magharibi? Nikikosea upande, nitakuwa nachimba unapozidi kukimbia chini."

Mama Wino akashusha miwani yake ya pili. Akaweka rula juu ya mchoro, akapima vijito vya upande wa magharibi wa bonde, kisha vya upande wa mashariki. Akarudia bonde la pili. Akarudia la tatu.

"Mwanangu, mimi sijasoma. Lakini hivi vya magharibi ni virefu, vinashuka polepole kutoka kilimani. Vya mashariki vifupi, vinadondoka tu. Na ni hivyo hivyo mabonde yote matatu. Kwa nini?"

Daktari wa Mawe akatazama. Kisha akafanya jambo ambalo makarani walilisimulia muda mrefu: akamshika Mama Wino mkono wenye wino akaubusu. "Kwa sababu vile virefu vinateremka juu ya mgongo wa tabaka lenyewe! Ni kama paa la mabati. Upande wa mteremko wa bati maji yanatembea mbali. Upande wa pili tabaka limekatika, pana ukingo mkali, maji yanaruka. Vijito virefu vinashuka kuelekea mashariki, basi mwamba umeinama kuelekea mashariki. Unatoka kilima cha magharibi, unaingia chini ya bonde, unazidi kuzama kadiri unavyokwenda mashariki."

"Na wewe ulichimba wapi?"

Akaweka alama mbili kwenye mchoro mpya. Zote zilikuwa upande wa mashariki wa bonde, mbali na mguu wa kilima cha magharibi kwa mita mia tatu. Mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma yao muda wote huo, akatoa kalamu yake mfukoni na kutia sahihi ruhusa ya safari, ya watu wawili.

Jumatano walikuwa kilimani, Mama Wino amevaa viatu vya mumewe kwa sababu vyake vilikuwa vya ofisini. Daktari wa Mawe alitafuta mahali mwamba umetokeza, akaweka kipimo chake, akasoma mwinamo: nyuzi ishirini, kuelekea mashariki. Akapiga hesabu juu ya goti. Kila mita mia unayotembea kutoka mguu wa kilima kuingia bondeni, mwamba wa mchanga unazama mita thelathini na sita na ushee. Mita mia tatu, ni zaidi ya mia na tisa. Mashimo yao yaliishia themanini.

"Mita thelathini tu zilitubakia," akasema kwa uchungu. "Thelathini, Mama!"

"Usihesabu, mwanangu. Tutalia baadaye."

Wakapima mita mia moja kamili kutoka mguu wa kilima, wakapigilia kigingi. Ilikuwa mbali kidogo na zahanati, lakini bomba lingefika. Binti yake alikuja akiwa bado na aproni, akamkumbatia mama yake na kuuliza mbona safari hii wamekuja na mchora ramani. "Nitakuambia," akasema Mama Wino. "Wakichimba nitakuambia." Akawa mwoga tena, ghafla, kuliko alivyokuwa mbele ya Mkuu.

Alhamisi Chuma akawasha mtambo. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyeamini tu kinachotoka shimoni. "Nyinyi wasomi mmenichimbisha vumbi mara mbili," akasema. "Leo nikikosa, nawazika humo." Mita kumi, unga wa kijivu. Ishirini, kijivu. Thelathini, kijivu bado, na watu waliokuja kutazama wakaanza kuondoka mmoja mmoja kama kwenye mpira timu inapofungwa. Thelathini na sita, kijivu. Daktari wa Mawe alisimama bila kugonga chochote. Thelathini na nane, kijivu. Mama Wino akawaza, je, kama nimekosea tena? Je, kama na huu nimeutunga?

Mita thelathini na tisa sauti ya mtambo ikabadilika. Chuma akainua mkono. Unga ukatoka wa kahawia-njano, wa mchanga, chembe unazoweza kuzihisi kati ya vidole. Akaendelea. Arobaini na nne unga ukawa tope, tope likawa maji, na maji yakaanza kupanda ndani ya bomba yenyewe, kwa sababu ule mwamba wa tope juu yake ulikuwa umeyakandamiza kama kifuniko, na ule wa mchanga huko kilimani ulikuwa juu zaidi. Yakafika mita sita tu kutoka juu, yakatulia.

Kelele hizo! Wanawake walipiga vigelegele, Chuma akacheza na koleo, Daktari wa Mawe akagonga mtambo, akagonga lori, akagonga bega la Chuma, akagonga kila kilichokuwa karibu. Mama Wino alikaa juu ya jiwe, akalia kwa furaha na kwa aibu, vyote kwa pamoja, hakuweza kuvitenganisha.

Ijumaa mchana pampu ya mkono ilifungwa. Binti yake alijaza ndoo ya kwanza, mama yake akasimama kando. Hapo ndipo alipomwambia. Hakuzungusha: wingu, majivuno, mito ya uongo, mashimo mawili.

Binti aliacha kupampu. Maji ya mwisho yakadondoka ndooni, tone, tone.

"Mwaka na miezi minne tangu shimo la kwanza," akasema. "Mama, kuna usiku nimezalisha pacha, na nikanawa kwa kikombe kimoja cha chai."

"Najua, mwanangu."

"Hujui. Usiseme unajua."

"Sijui," akasema Mama Wino. "Nisamehe."

Binti akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akapampu tena, kwa nguvu, ndoo ikafurika. Alikuwa na hasira, na mama yake aliiona hasira ile na hakujaribu kuipoza, kwa sababu ilikuwa ya haki. Kisha binti akainua uso.

"Wingu lilikuwa hilo moja tu?"

Mtoto wa kumzaa hana adabu ya ofisi. Mkuu hakuuliza hilo. Daktari wa Mawe hakuuliza, na barua ya kukiri ambayo Mama Wino mwenyewe aliitia sahihi ilitaja karatasi moja. Mama Wino alitazama maji yakimwagika pembeni mwa ndoo.

"Yalikuwa manne," akasema.

"Na chini ya hayo mengine matatu kuna watu?"

"Wapo."

Binti akashika mfuko wa nguo wa mama yake, ule aliokuja nao ili alale pale mpaka Jumapili, akaupandisha begani mwake mwenyewe. "Lori la Chuma linarudi mjini saa tisa," akasema. "Una mawingu matatu ya kwenda kuyasema. Twende nikusindikize."